Saumu shoga yangu, haya ya nyumbani nakuandikia

Sasa Saumu, za Mombasa? Natumai mzigo umeupata na yule wa madera hajakupandishia bei tena. Nakuandikia hapa wotsap manake siku hizi hatuonani kabisa, nikitoka umelala nikirudi umetoka, na nikikutumia voisi ndefu wajua mwenyewe hutoisikiza mpaka mwisho. Usishtuke, sijakasirika wala sihami. Kuna mambo matatu tu ya pale ndani nataka tuyaweke sawa kabla hayajawa maneno.

Tuanze jikoni. Sahani na vikombe sina neno, vikilala usiku mmoja havinidhuru, hata mimi navilaza nikichoka. Shida ni vyombo vya nazi. Ukishakuna, mbuzi waiacha chini ya meza na machicha yamejaa kwenye meno, kifumbu nacho kiko kwenye sinki kimelowa tui, na kwa joto hili la kaskazi tui halichukui muda kuchacha, ikifika alfajiri nikiingia kujitilia chai jiko lote lanuka na sisimizi wameshapanga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye kopo la sukari. Jana sukari yote nimeimwaga, walahi, sikuweza kuwatoa mmoja mmoja. Na ile mbuzi ni ya mbao, ukiiacha na unyevu yashika ukungu. Ukimaliza kukuna ipanguse tu kwa kitambaa kikavu uitundike pale kwenye msumari, kifumbu ukisuuze hapo hapo ukianike, ni kazi ya dakika mbili jamani.

Halafu sufuria ya wali. Ukishapakua tia maji ya moto, funika, uende zako kwa laivu yako, ukirudi ule ukoko wabanduka wenyewe hata stilwaya huhitaji. Sasa wewe waiacha ikauke mpaka kesho afu waikwaruza kwa kijiko, na hiyo sufuria ni ya mamangu alinipa nikihama Gongoni, akija akaiona vile ilivyo hapo chini tutatafutiana pa kukimbilia wote wawili. Na samaki, tafadhali, magamba usiyapitishe kwenye sinki, yafunge kwa gazeti na mifupa yake utie kwenye ndoo ya taka na jiwe ulirudishe juu, kunguru wa Maweni wewe wawajua, wakiona kifuniko kiko wazi watatawanya takataka mpaka mlangoni kwa mama mwenye nyumba. Maji yakiwa hayatoki sitakuuliza vyombo, hapo nimekuelewa. Ila siku yatokayo tujaze ile ndoo ya bluu na majerikeni yote, yeyote atakayekuwa nyumbani.

Haya, laivu. Kwanza hongera, kwa ukweli, nimeona unapata oda mpaka Mambrui na Marereni na huko kote umefika kwa hiyo simu na mdomo wako tu. Sitaki uache. Lakini chumba chako na changu ni ukuta mmoja, na kile kitanda changu kichwa chake kiko pale pale unapoweka spika. Mimi shifti ya brekfasti naingia saa kumi na moja alfajiri, yaani nataka niwe nimelala saa nne usiku, na hiyo saa nne ndio wewe waanza "haya wapendwa, bonyezeni laiki, dera la hariri hili, nani alitaka la kijani". Siku moja mgeni pale hotelini ameniomba mayai, nami nikamuuliza saizi gani. Ati mayai ya saizi. Mpishi mkuu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilivyofikiria ni hivi, we uniambie kama yafaa. Laivu ifanyie sebuleni, pale dirisha la barabarani, ukuta ule mweupe hata nguo zitaonekana vizuri kuliko huko kwako kwenye pazia la maua. Na siku za kazi anza saa moja na nusu badala ya saa nne, watu washakula wako na simu mkononi, ukifika saa nne ufunge. Ijumaa na Jumamosi mimi siamki mapema, hapo fanya mpaka sauti ikauke, ukitaka nakuja kukushikia madera. Spika hiyo ya muziki baada ya saa nne naomba iende chini siku zote lakini, si kwa ajili yangu tu, mama wa mlango wa pili ana kichanga na yeye hawezi kukwambia, ananiambia mimi.

Pesa sasa, hapa nitaandika kwa hesabu ili tusibishane. Mwezi uliopita mimi nimenunua tokeni za 1,000 moja na za 500 mbili, hiyo ni 2,000, nikalipa gesi 1,250 na kijana wa taka 200. Jumla yangu 3,450. Wewe ulilipa waifai 2,000 na tokeni ya 500, ni 2,500. Zote pamoja 5,950, nusu kwa nusu kila mtu 2,975, kwa hiyo nakudai 475. Huo mwezi tumalizane hivyo hivyo nusu nusu, sitaki kurudi nyuma.

Ila kuanzia huu, tokeni tusigawe nusu. Sababu ni pasi. Nimeiangalia pale chini, imeandikwa wati 1,200, maana yake ikiwaka saa nzima yala yuniti moja na zaidi. Feni yangu ni wati 60, mpaka imalize yuniti moja ni kama saa 17. Najua pasi hujizima na kujiwasha yenyewe, haili hivyo muda wote, lakini wewe wapiga pasi mzigo mzima wa madera kila ukitoka Mombasa, na hiyo ni biashara, yapaswa itoke kwenye biashara. Ile taa yako ya duara ya laivu haili kitu, hiyo sikuhesabii. Nasema katika kila tokeni ya 1,000 wewe utoe 600 mimi 400. Tena tukizidi yuniti 100 kwa mwezi kila yuniti yapanda bei, kwa hiyo ukiweza pasi zote uzipige kwa mkupuo mmoja badala ya kuiwasha kwa dera moja moja, itatufaa sote. Na ukinunua tokeni nitumie ile meseji yenye namba 20, usiniambie tu "nimeweka", tuwe na rekodi.

Waifai ibaki nusu. Wewe watumia zaidi lakini zile tamthilia zangu za Kituruki nazo hazijiangalii zenyewe.

Kama nami nina langu linakukera niambie, usinyamaze ukaja kumwambia dadako. Jibu ukipata nafasi, si lazima leo, ila hiyo 475 kama iko tuma kwa namba yangu ile ile kabla Ijumaa. Na mtungi nimeutingisha asubuhi, mwepesi kabisa, gesi sidhani itatufikisha kesho kutwa, na mara hii zamu ni yako. Ukishuka steji pitia dukani uchukue, kilo 6, usije ukaletewa mwingine wenye kutu kama ule.