Neno la baba wa bibi harusi: kwa nini leo ni soda

Emsii asante, nipe hiyo maiki, na we DJ hebu punguza kidogo, hapo hapo.

Wakwe zangu mliotoka Iringa, karibuni sana Moshi, poleni na safari. Ndugu zangu wa Kibosho, majirani, wanakamati, shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo mambo vipi. Sitaongea sana, ila kuna jambo nimeona watu wananong'ona toka mmeingia ukumbini, mhudumu akipita mtu anaangalia trei, anaona fanta, anaona maji, anaona juisi ya ukwaju, anageuka kumuangalia mwenzake. Nimemsikia hadi shemeji yangu mmoja hapo nyuma anasema kamati imeishiwa.

Kamati haijaishiwa jamani. Michango ilitosha, mhasibu yupo pale na daftari lake. Fungu la bia tulilitoa tukaongeza nyama, ndo maana mtaona ndafu ziko tatu badala ya moja, na kidogo kikaingia kwenye kosta ya wakwe. Wala sijaokoka, wengine mnasema mzee kaokoka, hapana, mimi ni Mkatoliki yule yule mnayemjua.

Na najua ni jambo zito, harusi ya Mchaga bila mbege, tena wanaokuja kuoa ni watu wa ulanzi! Mila tulishazifanya nyumbani Jumanne, wazee kata ikazunguka, ilipofika kwangu nikampitishia kaka. Basi mila iko salama.

Sababu ni mimi. Wa Kibosho mnajua, ila wakwe hamjui na ni bora mlisikie kwangu kuliko mlisikie msibani.

Neema alikuwa darasa la nne. Kila Jumamosi mama yake anampa tochi anamwambia kamfuate baba yako kilabuni, mtoto wa miaka kumi, anakaa nje kwenye gogo ananisubiri nimalize, na mimi nikimuona namwambia bado kata moja, na hiyo moja mnaijua wenyewe ilivyo. Siku moja mvua imenyesha tunashuka njia ya migombani nikateleza nikaingia kwenye mfereji, kiatu kimoja kikaenda na maji. Mtoto akaingia mule mule na sketi yake ya shule akakipapasa mpaka akakipata. Tulivyofika akanivua na cha pili, akavipanga uvunguni, vidole vikiangalia nje, kesho yake naamka navikuta vimejazwa magazeti ili vikauke. Hakusema kitu. Angesema ingekuwa afadhali.

Mngependa niseme niliacha siku ile. Sikuacha. Nikaendelea miaka mingine sita, nikahamia na kwenye viroba kabisa, vile vya pakti, maana vinakaa mfukoni mke haoni. Serikali ilivyokuja kuvipiga marufuku 2017 mimi nilikuwa nimeshatoka huko, nashukuru, ila kuna wenzangu watatu wa kile kilabu ambao leo ningewaalika na hawapo.

Sasa mwezi wa pili huyu bwana alipoleta posa nikamuuliza binti, unataka nikupe zawadi gani, nikijua atataja friji au kitanda. Akaniambia baba, sitaki siku ya harusi yangu niwe nageuka geuka kuangalia umekaa meza gani na nani. Mimi nina miaka mingi sigusi jamani, na bado mtoto anageuka. Nikamwambia utakaa umeangalia mbele kwa mume wako mpaka mwisho, meza zote zitakuwa soda.

Kwa hiyo wenye chupa kwenye buti za magari, nawajua, namba za gari nimeziona (cheka tu baba mdogo), nawaomba kwa leo zilale huko huko. Kesho ni kesho, mimi si polisi.

Neema, njoo mama. Baraka na wewe njoo, umshikie shela lisikanyagwe. Hili ni isale, nimelichuma leo alfajiri pale mpakani mwa kihamba, wakwe zangu, kwetu mtu akikukosea akakuletea hili jani humrudishi nalo. Binti yangu, nakuomba msamaha kwa ile tochi, na kile kiatu, na lile gogo. Nilishakuomba mdomoni ila sikuwahi kukuletea jani.

Haya, kalipokea. Basi usilie, wanja huo umelipiwa.

Emsii chukua maiki yako. Na ile chupa ya kufungua ni juisi ya zabibu ina gesi kweli kweli, usiitikise ukaelekeza huku kwa mama mkwe.