Mpango wa marudio ya Takwimu: jedwali moja halisi kila Jumamosi

Wenzangu,

Tulikubaliana wiki iliyopita kwamba kurudia maswali ya miaka ya nyuma peke yake hakututoshi. Kukokotoa tunajua. Tunapoteza alama pale swali linapoanza na "Kwa kutumia jedwali lililopo hapo juu, fafanua..." na mtu anaandika upya namba zilezile kwa maneno. Huu hapa mpango wa wiki saba zilizobaki kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi, darasa letu la kawaida, na tunamaliza saa 6.

Utaratibu haubadiliki. Dakika 15 za kwanza hakuna kugusa kikokotoo. Kila mtu anasoma kimyakimya kichwa cha jedwali, kipimo (watu, maelfu, asilimia, milimita), mwaka, eneo linalohusika, na yale maandishi madogo chini ambayo huwa tunayaruka. Kisha anaandika sentensi mbili: moja ya kile jedwali linachosema, nyingine ya kile ambacho mtu anaweza kutamani kukisema lakini jedwali halimruhusu. Hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo tutakayoibishania zaidi. Hesabu zinafuata baadaye.

Wiki ya 1. Sensa, kwa sababu tunaishi ndani yake. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012 na 3,085,625 mwaka 2022. Ongezeko ni watu 1,002,037, sawa na asilimia 48.1. Wengi wetu tutagawanya kwa 10 na kuandika asilimia 4.8 kwa mwaka. Si sahihi, maana watu wa mwaka wa pili wanaongezeka juu ya wale walioongezeka mwaka wa kwanza. Tumieni hii:

```
r = ln(P2 / P1) / t
```

Jibu ni asilimia 3.9 kwa mwaka. Fanyeni hivyohivyo kwa Taifa (44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022), mtapata 3.2. Sasa sentensi ya pili: je, jedwali hili linathibitisha kwamba Dodoma imekua haraka kwa sababu Serikali imehamia? Wote tunaamini hivyo, na huenda ni kweli. Lakini jedwali la idadi halioneshi nani amezaliwa hapa na nani kaja na basi. Anayetaka kusema hivyo alete jedwali la uhamiaji.

Wiki ya 2. Tunabaki kwenye sensa, ila tunachora. Nimeitengea saa zote 2 kwa makusudi. Sensa tangu Muungano ni sita, na idadi kwa mamilioni ni hizi:

1967: 12.3
1978: 17.5
1988: 23.1
2002: 34.4
2012: 44.9
2022: 61.7

Nusu ya kundi ichore grafu ya mstari kwa kuweka miaka kwa umbali sawa kwenye mhimili wa chini, kama tunavyofanya tukiwa na haraka. Nusu nyingine iweke miaka kwa umbali wake halisi. Tubandike zote mbili ubaoni. Kwenye grafu ya kwanza kipande cha 1988 hadi 2002 kitaonekana kimepanda kwa kasi kuliko cha 2002 hadi 2012, kwa sababu milioni 11.3 ni nyingi kuliko 10.5. Kwenye ya pili mambo yanageuka, maana hiyo milioni 11.3 ilichukua miaka 14, si 10. Ni kama watu laki 8 kwa mwaka dhidi ya milioni 1 na kidogo. Tukishamaliza kushangaa, tupige kasi ya ukuaji kwa ile kanuni ya wiki ya 1: karibu asilimia 2.8 kipindi cha kwanza na 2.7 cha pili. Yaani watu wanaoongezeka kila mwaka walizidi huku kasi kwa asilimia ikishuka kidogo. Sentensi zote mbili ni za kweli kutoka jedwali lilelile, na mtahini anaweza kuuliza yoyote. Msiondoke darasani kabla hilo halijawaingia.

Wiki ya 3. Mfumuko wa bei. Taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoka kila mwezi, kwa hiyo tutachukua iliyo mpya siku hiyo. Kwa mazoezi ya kuanzia: wastani wa mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8, wa 2024 asilimia 3.1. Nani atasema bei zilishuka? Kikapu cha shilingi 100,000 mwaka 2022 kilikuwa 103,800 mwaka uliofuata, kisha takriban 107,000. Kilichopungua ni mwendo wa kupanda. Mwenye kubisha aende Soko la Majengo akaeleze hivyo kwa mama ntilie.

Wiki ya 4. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara: asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na 26.4 mwaka 2017/18. Pungufu ni alama za asilimia 1.8, au asilimia 6.4 ya kiwango cha awali. Atakayeandika "umepungua kwa asilimia 1.8" nitamkata alama mimi mwenyewe. Swali la kubishania: idadi ya watu maskini nayo ilipungua? Kumbukeni ukuaji wa wiki ya 1. Kumbukeni pia kwamba huu ni utafiti wa sampuli ya kaya, si sensa.

Wiki ya 5. Mvua ya Dodoma kwa miezi 12, grafu ya nguzo yenye mstari wa jotoridi, mihimili miwili ya wima. Someni kila mhimili kwa kipimo chake. Halafu tafuteni wastani wa mwezi na mwambieni mkulima wa mtama wa Chamwino unamsaidia nini, wakati Juni hadi Septemba karibu hakuna kitu na mvua karibu yote inanyesha Desemba hadi Aprili. Tafuteni na mediani, muone inaangukia wapi.

Wiki ya 6. Afya. Vifo vya wajawazito: 556 katika utafiti wa 2015/16, 104 katika ule wa 2022, kwa kila vizazi hai 100,000. Kazi ni hiyo "kwa kila". Pia tutasoma wigo wa makadirio, maana takwimu kama hizi huja na kiwango cha chini na cha juu.

Wiki ya 7. Mtihani wa majaribio, dakika 45, jedwali ambalo hakuna aliyeliona. Tunabadilishana karatasi na kusahihishana.

Ya uendeshaji: kopi tutatoa pale steshenari karibu na geti, shilingi 300 kila mtu, hela apewe mtunza hazina kabla ya Ijumaa jioni. Jedwali la Jumamosi hii nalileta mimi. La wiki ya 3 walete wale wawili wanaokaa Makulu, na la mvua alete dada wa Kondoa, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyewahi kulima. Msilete picha ya skrini iliyokatwa kichwa. Na chati duara zilizoinamishwa zikaonekana kama keki tusizilete kabisa, kipande cha mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Asiyeweza kufika atume sentensi zake mbili kabla ya saa 4.

Katibu