Muhtasari wa barua ya wakili wa mwenye fremu

Shangazi, shikamoo. Kurasa zote 4 nimezisoma. Yenye uzito ni haya.

Dai: kodi ya fremu, Januari hadi Juni, 450,000 kwa mwezi.

Kiasi: Sh 3,000,000, yaani kodi 2,700,000 na gharama za wakili 300,000.

Mwisho wa kujibu: 17 Julai. Wamekupa siku 14 tangu uliposaini kuipokea, tarehe 3.

Ukikaa kimya, wanasema watafungua kesi. Hii si samansi, bado hujashtakiwa. Ila Machi wameihesabu na risiti yake unayo! Tuwajibu kwa maandishi, tuambatishe nakala, risiti yenyewe ubaki nayo. Wakija na karatasi ya kukiri deni, tafadhali usisaini kabla hatujaisoma.