Barua kwa Nasoro, pamoja na dira

Maskati, Julai

Mwanangu mpenzi Nasoro,

Assalaam alaikum. Mama akusomee barua hii polepole, ila jina lako hapo juu lisome mwenyewe. Nimeliandika kwa herufi kubwakubwa kwa sababu najua sasa unaweza.

Mimi mzima, alhamdulillahi. Jua la huku ni kali mno, mwanangu. Miezi hii sheria inakataza watu kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, basi mafundi wote tunajilaza kivulini, na mimi ndipo ninapokuandikia. Kazi yangu ni ile ile, kutengeneza viyoyozi ili nyumba za watu zipate ubaridi.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Baba, uko upande gani?" Mimi nikakujibu, "Niko mbali." Usiku sikupata usingizi. Wewe uliuliza upande, nami nikakujibu umbali. Nisamehe. Leo nakujibu sawasawa, na jibu limo ndani ya ile soksi aliyokuletea Ami Hamadi.

Ni dira. Nimeinunua Matrah, karibu na bandari, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya mabaharia. Ina ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji, na kioo chake kina mkwaruzo mdogo pembeni. Haijaharibika. Niliijaribu mara nyingi kabla sijailipia.

Iweke kwenye kiganja, mkono ulale kama umebeba maji usiyotaka yamwagike. Mshale utatetemeka kwanza, kama mkia wa samaki aliyevuliwa sasa hivi. Usiutikise. Ngoja utulie. Ile ncha nyekundu ndiyo kaskazini. Sasa zungusha kibati polepole mpaka herufi N ikae chini ya ncha nyekundu. Umeweza?

Usiipime karibu na baiskeli ya babu wala simu ya mama, maana chuma na sumaku huuvuta mshale ukasema uongo. Ukitaka kujua kama unasema kweli, mtazame babu anaposwali. Hapo Tanga kibla kiko kaskazini, kwa hiyo mshale mwekundu na uso wa babu vielekee pamoja. Huku kwangu ni tofauti. Nikiswali natazama magharibi, kule jua linakozama. Siku za mwanzo nilikuwa nageuka vibaya kwa mazoea ya nyumbani.

Haya, sasa nitafute. Simama mlangoni, uso wako uelekee N. Nyoosha mkono wa kulia upande wa E, kule jua linakochomoza, upande wa baharini. Sasa urudishe mkono mpaka katikati ya E na N, halafu usogeze kidogo tena kuelekea N. Hapo! Kidole chako kinapita juu ya nyumba za Ngamiani, kinapita Mombasa, kinapita Lamu, kinafuata pwani ya Somalia, kinavuka bahari, kinanigusa mimi.

Najua Idi ilipita bila mimi. Mama ameniambia ulivaa kanzu mpya, ukakataa kuivua hata wakati wa kulala. Ningependa sana kukuona. Na lile jino la mbele lililong'oka, nilikuwa nataka kuwapo. Nina uchungu nalo, Nasoro, na ni haki ujue kwamba baba anakukosa hata akiwa kazini juu ya ngazi.

Mkataba wangu unakwisha Desemba. Muulize babu juu ya upepo wa kaskazi, atakwambia vizuri kuliko mimi. Zamani majahazi ya huku yalikuwa yanaungoja upepo huo ndipo yaje pwani yetu, na kusi ikivuma yanarudi. Mimi nitakuja kwa ndege, lakini upepo ukibadilika ukaanza kuvuma kutoka upande wa ncha nyekundu, ujue siku zimekaribia.

Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Kila Ijumaa, saa kumi na moja jioni ya Tanga, toka mlangoni na dira yako uelekeze kidole kama nilivyokufundisha. Huku itakuwa saa kumi na mbili, sisi tuko mbele kwa saa moja. Nitapanda juu ya paa la nyumba tunayokaa, nami nitakuelekeza wewe. Ijumaa ya kwanza nitapiga simu, uniambie mshale ulitulia au la.

Mpe babu na bibi shikamoo zangu. Ndani ya soksi ya pili mna kanga ya mama, usiifungue wewe.

Baba yako