Jibu: Maboresho ya tovuti ya samani

Habari za asubuhi Mama,

Asante kwa ujumbe wako wa jana: "Tovuti yetu imechoka, tunataka ya kisasa na ya haraka." Usiku nimeipitia ukurasa kwa ukurasa, kwa simu na kwa kompyuta. Zipo kazi ninazoweza kuanza leo, na yapo mambo matatu ambayo uamuzi ni wako.

Nianze na haraka. Kama ulimaanisha ifunguke haraka, tatizo nimeliona: ile picha ya meza ya kulia chakula kwenye ukurasa wa kwanza ina megabaiti 6.4. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, picha hiyo peke yake inachukua sekunde kama 10, na mteja wa simu hasubiri hivyo. Nitazipunguza picha zote. Lengo ni kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Lakini kama ulimaanisha kazi ikamilike haraka, naomba tarehe. Kuna maonyesho au msimu wa mauzo mnaouwahi? Nikiijua, nitajua kipi kitangulie na kipi kisubiri awamu ya pili.

La pili ndilo zito, maana ndilo litakaloamua bei. Mtu akiipenda kabati, afanye nini hapo hapo: awatumie ujumbe, au alipe kabisa? Malipo yanakuja na hesabu ya bidhaa zilizopo, gharama za usafirishaji na utaratibu wa kurudisha pesa, na lazima awepo mtu wa kuyasimamia kila siku. Kwa kuwa samani zenu nyingi ni za oda, vipimo vya mteja vikitofautiana, mimi ningeanza na kitufe cha ujumbe chini ya kila picha. Malipo tutayaongeza baadaye bila kubomoa kitu. Unakubali, au tayari kuna wateja wanaoomba kulipa mtandaoni?

Tatu, nikishakabidhi, nani atabadilisha picha na bei? Akiwa ni mtu wa dukani asiye fundi wa kompyuta, nitamtengenezea sehemu ya kuhariri yenye vitu vitano tu: jina, picha, vipimo, bei, ipo au imeisha.

Rangi na nembo sitazigusa, wateja wenu wamezizoea. Fomu ya mawasiliano nitaifupisha. Kwa sasa ina nafasi 11 za kujaza, mojawapo ya namba ya faksi. Anwani za kurasa za zamani nitazielekeza kwenye mpya, ili waliohifadhi viungo wasikutane na ukurasa mtupu.

Ukinijibu kwa mstari mmoja mmoja inatosha, au nipigie kesho kati ya saa nne na saa sita mchana. Nikipata majibu kesho, keshokutwa jioni utakuwa na bei, ratiba na mchoro wa ukurasa wa kwanza. Wakati huo naanza na picha.

Wako,
Fundi wa tovuti