Leo nakabidhi funguo za masjala

Mbukwenyi ndugu zangu! Picha ya kwanza ni hati ya makabidhiano, wino haujakauka vizuri. Ya pili ni familia yangu ya masjala mbele ya jengo letu hapa Mtumba. Ya tatu ni rafu za majalada binafsi, na hiyo nimeiweka makusudi. Leo natimiza miaka 60, na utumishi wangu wa miaka 35 katika kada ya kumbukumbu, 1990 hadi 2025, unafika mwisho kwa mujibu wa sheria. Mungu ametenda. Viongozi wangu, wenzangu, madereva, wahudumu wa ofisi, nawashukuru kutoka moyoni.

Najua mmeanza kuandaa zawadi. Mimi naomba moja tu: mwezi huu kila mmoja wenu ahakiki jalada lake binafsi. Asiyefanya hivyo atakuja kuhakikiwa na Mfuko wa pensheni siku ya kudai mafao, na siku hiyo kutafuta barua ya miaka thelathini nyuma ni mateso.

Utaratibu ni huu. Jalada binafsi halikabidhiwi kwa mwenyewe, hivyo msiwalaumu vijana wa masjala wakikataa kukupa. Nenda kwa afisa utumishi ukiwa na nakala zako, yeye alifungue, mlinganishe. Tafuteni barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya kuingizwa kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, barua za kupandishwa madaraja zote, za uhamisho zote, na kibali cha likizo bila malipo kama uliwahi kuichukua. Isiyokuwepo, iombe sasa kwa maandishi, wakati bado kuna watu wanaojua iliandikwa ofisi gani.

Mliotangulia mnielewe vizuri hapa. Uchangiaji wa watumishi wa serikali kuu ulianza Julai 1999. Ukiajiriwa kabla ya hapo, miaka yako ya mwanzo haimo kwenye taarifa ya michango. Inathibitishwa na karatasi. Barua ya ajira na ya kuthibitishwa zikikosekana, hakuna mfumo wa kompyuta utakaokutetea.

Tuweke na hesabu, maana watu wengi hudhani mwaka mmoja ukipotea si kitu. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuchukua miezi ya utumishi, kuigawa kwa 580, kisha kuzidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu iliyolipwa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Chukua mtu ambaye wastani wake ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Miezi 12 isipohesabiwa, anapoteza karibu 297,900 kwenye pensheni ya mwaka. Kwa anayelipwa mkupuo wa asilimia 40, kiasi hicho kikizidishwa kwa 12.5, mkupuo unapungua kama 1,490,000, na pensheni ya kila mwezi inapungua karibu 14,900 kwa maisha yake yote. Huo ni mwaka mmoja. Nani kati yetu yuko tayari kupoteza mitano kwa sababu ya barua ya uhamisho?

Na uhamisho ndio unaoongoza kwa kuharibu majalada. Mtumishi anatoka Kongwa kwenda Mpwapwa, jalada linabaki nyuma, kituo kipya kinamfungulia jalada la muda ili kazi ziendelee. Jalada halisi likifika baadaye, hakuna anayeyaunganisha. Miaka inapita, kupandishwa cheo kumo kwenye moja, kuthibitishwa kumo kwenye jingine. Dawa yake ni ndogo: ukiripoti kituo kipya, baada ya miezi mitatu uliza kama jalada lako limefika, na kama lile la muda limeunganishwa na namba za folio zimepangwa upya. Ukiambiwa folio zinaruka, kwa mfano kutoka 14 hadi 17, usiondoke bila kujua 15 na 16 zilikuwa barua gani. Rejista ya barua za mwaka ule itakuonyesha.

Majina na tarehe. "Mariam" kwenye cheti cha shule na "Mariamu" kwenye kitambulisho cha NIDA si jambo dogo hata kidogo. Linganisha cheti, barua ya ajira, NIDA, akaunti ya benki na taarifa zako kwenye mfumo wa watumishi, herufi kwa herufi. Kina mama waliobadili jina baada ya ndoa, hati ya kisheria ya jina iwekwe jaladani mapema. Tarehe ya kuzaliwa uliyoijaza ulipoajiriwa ndiyo inayoshikiliwa na mwajiri, kwa hiyo NIDA ikisema tofauti, anza kulishughulikia ukiwa bado kazini. Tena, angalia michango yako Mfukoni kila mwaka: asilimia 5 yako na 15 ya mwajiri, mwezi kwa mwezi. Hati za mishahara zitunze.

Vijana wangu wa masjala, sasa nasema nanyi. Jalada likikaribia folio 100, lifungeni mfungue juzuu jipya, na juu ya lile la zamani andikeni linaendelea wapi. Lililojazwa kupita kiasi huchanika kwenye tundu, na zinazoanza kudondoka ni karatasi za chini kabisa, yaani barua ya ajira yenyewe. Jalada lisitoke bila kuandikwa kwenye kadi ya mwenendo, hata aliyelitaka akiwa mkubwa kiasi gani. Kila Ijumaa piteni mezani kwa maofisa mkusanye yaliyokaa bila kazi. Majalada mengi "yaliyopotea" yamo kwenye droo, chini ya magazeti.

Hali ya hewa ya Dodoma inatusaidia: ukavu huu hauozeshi karatasi kama pwani. Adui zetu ni vumbi la kiangazi na mchwa. Rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta, na jalada lisikae sakafuni hata kwa usiku mmoja. Mvua zikianza Desemba kagueni pembe za chumba kila wiki. Njia ya udongo ya mchwa ikionekana, ondoeni majalada ya upande huo kwanza, halafu ndipo mwite mpuliziaji dawa. Dawa isinyunyiziwe kwenye karatasi.

Kuskani tunaendelea nako, na nimefurahi kukuona kunashika kasi. Ila nakala halisi haichomwi kwa kuwa imeskaniwa. Uteketezaji una taratibu zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na kibali hakitolewi kwa mdomo. Nanyi watumishi, msipige leminesheni barua zenu za ajira. Plastiki ile haiondoki tena, na karatasi ikiharibika humo ndani hakuna wa kuirekebisha.

Funguo mbili za masjala ya wazi anazo mkuu mpya wa kitengo, za masjala ya siri zimerudi kwa msimamizi wake, zote zimeandikwa kwenye hati. Majalada ya watumishi wanaostaafu mwaka ujao nimeyaweka rafu ya kwanza kushoto, kila moja lina karatasi juu yake inayosema kinachokosekana. Wenye majalada hayo, piteni Jumatatu kabla ya saa nne.