Mkataba wa pikipiki: usome, usaini, unirudishie mwisho Jumatano tarehe 1 Oktoba saa 10 jioni

Hamisi mdogo wangu, habari za kijiweni. Mama umfikishie shikamoo yangu.

Mkataba wa ile Boxer ndo huu hapa, faili linaitwa Mkataba_Boxer_Hamisi.pdf, kurasa 4. Nimekurushia elfu 5 kwenye M-Pesa uende steshenari yoyote hapo Msamvu wakuprintie kopi mbili, usisome kwenye simu tu maana kioo chako kimepasuka na maandishi ni madogo. Zikisainiwa zote mbili zinirudie mwisho Jumatano tarehe 1 Oktoba 2025 saa 10 jioni, nipo dukani. Alhamisi asubuhi nazipeleka kwa wakili agonge mhuri, hela ya wakili natoa mimi, kopi moja inakuwa yako kabisa unaiweka kwa mama na siyo chini ya siti ya pikipiki. Jumamosi tarehe 4 unachukua chombo, Jumatatu tarehe 6 unaanza kazi.

Sasa usisaini kwanza. Nakuandikia marefu kwa sababu mdogo wangu wa damu alishawahi kupewa pikipiki ya mkataba, akasaini juu ya boneti ya gari bila kusoma, mwezi wa 11 akaugua wiki 3 tajiri akaja na vijana wakaibeba na hakupata hata mia, alipoenda kulalamika akaonyeshwa saini yake. Iliniuma sana mpaka leo. Kwa hiyo huu nimeukalisha chini na wakili kwa Kiswahili cha kawaida na mambo makubwa nakueleza hapa, ila kinachotufunga ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi, ukiona nilichokuambia hapa na karatasi haviendani niambie.

Hela. Hesabu ni 60,000 kwa wiki, yani elfu 10 kwa siku 6, siku ya 7 ni yako. Unatuma kila Jumamosi kabla ya saa 2 usiku kwa M-Pesa tu, usinipe mkononi hata tukikutana, ile meseji ya muamala ndo risiti yako na usizifute. Ni wiki 65, jumla 3,900,000. Mimi imenigharimu 3,250,000 pamoja na usajili na bima kubwa ya mwaka mmoja, kwa hiyo faida yangu ni 650,000, sikufichi. Hesabu ya kwanza Jumamosi 11 Oktoba, na kama hujaruka wiki hata moja ya mwisho inaangukia tarehe 2 Januari 2027. Ukitaka kulipa zaidi ili umalize mapema ruksa, sikuongezei kitu.

Kadi inabaki na jina langu mpaka umalize, hapo hakuna namna. Ukimaliza ndani ya siku 14 tunaenda pamoja TRA kubadilisha umiliki na gharama tunagawana nusu kwa nusu. Nimeandika siku 14 makusudi maana najua vijana wamemaliza mkataba wanazungushwa na kadi mwaka mzima.

Kifungu cha 7 kisome mara mbili, ndo kile kilichomuua mdogo wangu. Ukikwama wiki moja nipigie kabla ya Jumamosi, ile wiki inasogea mbele, haikuletei faini. Zikifika 2 zinadaiwa tunakaa na mjomba wako kama mdhamini. Zikifika 4 bila maelewano pikipiki inarudi kwangu. LAKINI ukiwa umeshalipa wiki 33 au zaidi siwezi kuichukua ikawa mali yangu hivi hivi, inauzwa mbele ya mjomba, natoa deni langu, kinachobaki chako. Mfano umelipa wiki 50 ambazo ni 3,000,000, deni limebaki 900,000, ikauzwa 1,700,000, basi wewe unapokea 800,000. Na ukiugua ukalazwa au ukapata ajali ukawa na karatasi ya hospitali zile wiki hazihesabiwi kama deni, zinaruka mpaka 6.

Matengenezo: oili, plagi, breki, cheni na sproketi, tairi, pancha ni juu yako. Injini ikifa ndani ya miezi 6 ya mwanzo ni juu yangu, ila kama fundi akifungua akakuta ilikuwa inakimbizwa bila oili hapo unalipa wewe. Baada ya miezi 6 injini tunachangia nusu nusu.

Bima usiipite. Hiyo bima kubwa inaisha tarehe 5 Oktoba 2026, hapo unakuwa umebakiza wiki 13, na ya mwaka wa pili unalipa wewe, nayo lazima iwe kubwa mpaka kadi ihamie kwako. Anza kuweka pembeni taratibu mdogo wangu maana haitakusubiri. Ikiibiwa au ikipata ajali unaripoti polisi siku hiyo hiyo unachukua RB namba unanipigia, ukichelewa kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa halafu tunaumia wote wawili.

Deiwaka hapana. Hata rafiki yako wa damu, hata trip moja ya Mazimbu. Leseni na bima zinakuangalia wewe, akiua mtu mwingine na chombo changu tunaenda wote. Kofia ngumu mbili, yako na ya abiria, nazo nakupa mimi siku ya kwanza. Ukitaka kutoka nje ya Manispaa, mfano umepata mzigo wa Mikumi, nitumie meseji kwanza, sikatai, nataka tu nijue ulipo usiku ukiingia.

Kusaini sasa. Kila ukurasa weka saini pale chini, siyo wa mwisho tu, mjomba naye hivyo hivyo, halafu wote wawili mpite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wenu ashuhudie, yeye yupo ofisini asubuhi. Ambatanisha kopi ya kitambulisho cha NIDA cha kwako na cha mjomba pamoja na kopi ya leseni. Angalia jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho herufi kwa herufi, na ile namba ya chesesi uilinganishe na kopi ya kadi niliyoweka ukurasa wa 4. Usifute wala usiandike juu kwa kalamu, ukikuta kosa au kipengele hukitaki niambie mpaka Jumatatu tarehe 29 nikirekebishe nikutumie upya, sitakuona mbaya hata kidogo, heri tubishane sasa hivi kuliko mwakani.

Kama mjomba anasita kudhamini pia niambie mapema tutafute mwingine. Jumatano ikipita kimya bila simu nitampa kijana mwingine wa Kihonda ambaye amekuwa akiniulizia tangu mwezi wa 8, na sitaki ifike huko, nilikuchagua wewe kwa sababu miaka yote 2 uliyoendesha ya watu sijasikia umegombana na mtu kwa ajili ya hesabu.

Jumapili baada ya saa 8 mchana nipo nyumbani, kama unataka tuusome pamoja mstari kwa mstari njoo na mjomba, chakula kitakuwepo.

Dada Rehema
Morogoro, Alhamisi 25 Septemba 2025